Umati ukimtazama anayeumia: lawama iko wapi?

Usiku wa kuamkia Machi 13, 1964, mwanamke wa miaka 28 aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu karibu na nyumbani kwake, Kew Gardens, jijini New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likatoa habari ukurasa wa mbele kwamba majirani 38 walimtazama muuaji akifanya kazi yake kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyeinua simu kuita polisi wakati wote huo. Idadi hiyo ya 38 ikashika. Imeingia kwenye vitabu vya saikolojia, mahubiri na mihadhara ya kila aina, kama ushahidi kwamba watu wakiwa wengi huwa na moyo wa jiwe.

Habari yenyewe ilikuwa imetiwa chumvi. Ilikuwa saa tisa usiku, na wengi wa hao mashuhuda walisikia kelele tu bila kuona kitu. Jirani mmoja alifungua dirisha akafoka, na mshambuliaji akakimbia. Aliporudi alimkuta Kitty kwenye mlango wa nyuma wa jengo, mahali ambapo karibu majirani wote wasingeweza kumwona. Mwanamke mwingine, Sophia Farrar, alishuka ngazi mbio na kumshika mikononi, bila kujua kama muuaji ameshaondoka. Mwaka 2007 watafiti watatu walipitia kumbukumbu za kesi na hawakupata ushahidi wa wale watazamaji 38, na mwaka 2016, muuaji alipofia gerezani, gazeti lenyewe lilikiri kwamba habari yake ya awali ilikuwa na kasoro. Lipo na jambo dogo ambalo wasimuliaji husahau: mwaka 1964 Marekani haikuwa na namba 911. Ilibidi utafute namba ya kituo cha polisi au umpitie opereta.

Lakini habari mbovu ilizaa utafiti mzuri, na hapo ndipo mjadala wenyewe unapoanzia: upande mmoja unasema umati humnyima msaada anayeumia, upande wa pili unasema humletea.

Bibb Latané na John Darley, wanasaikolojia vijana wa New York wakati huo, hawakukubali kwamba watu wa mjini ni makatili tu. Mwaka 1968 walitoa matokeo ya jaribio ambalo bado linastahili kuelezwa kwa utulivu. Mwanafunzi aliingizwa peke yake kwenye chumba kidogo, akaambiwa ataongea na wenzake walio vyumba vingine kwa kipaza sauti. Sauti ya kijana mmoja ikasikika ikieleza kwa haya kwamba huwa anapata kifafa. Baada ya muda sauti ile ile ikaanza kukwama, ikaomba msaada, ikagugumia kama mtu anayekabwa, kisha ikakatika. Ilikuwa imerekodiwa, ila msikilizaji hakujua. Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, 85 katika kila 100 walitoka kutoa taarifa kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, waliotoka ni 31 tu katika kila 100.

Na wale ambao hawakutoka? Wahenga wetu wangesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, haukulemei. Watafiti walipoingia vyumbani hawakukuta watu wa namna hiyo. Walikuta watu wenye mikono inayotetemeka na viganja vilivyolowa jasho, wakiuliza kama yule kijana yuko salama. Mzigo ulikuwa umewalemea, ila kila mmoja alikuwa anangoja kujua ni nani wa kuubeba.

Mpaka hapa upande wa kwanza umeshinda: mtu akiwa na wenzake husaidia kidogo kuliko akiwa peke yake. Ila swali hilo linamhusu msaidizi. Aliyeanguka chini ana swali lake jingine, naye hajali ni nani atakayekuja, bali kama atakuja hata mmoja. Tupige hesabu. Kama wapo watano na kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 31 wa kuamka bila kujua wenzake wanafanya nini, uwezekano wa wote watano kubaki vitini ni 0.69 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, karibu 0.16. Maana yake mgonjwa ana nafasi ya kama asilimia 84 ya kupata angalau mtu mmoja. Akiwa na msikilizaji mmoja tu nafasi yake ni 85. Kwa mgonjwa, tofauti ni kama hakuna! Kutegeana kule kunamfanya kila mtu aonekane mbaya zaidi, lakini wingi wao unaliziba pengo.

Kwa hiyo umati hauna hatia? Hapana, na ushahidi unatoka kwa watafiti hao hao. Katika jaribio jingine la mwaka huo huo, watu walikaa wakijaza dodoso, na moshi ukaanza kuingia chumbani kupitia tundu la hewa ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 kati ya kila 100 walitoka kwenda kusema. Walipokaa watatu watatu, wote wageni wasiojua mpango, katika makundi manane ni matatu tu yaliyotoa mtu wa kwenda kusema. Kwa hesabu yetu ya mwanzo tungetarajia karibu kila kundi lifanye hivyo. Watu walikohoa, walipikicha macho, walipunga moshi kwa karatasi, wakaendelea kujaza dodoso. Walipoulizwa baadaye walisema huenda ulikuwa mvuke, au kiyoyozi kimeharibika.

Tofauti ya majaribio haya mawili ndiyo kiini cha suala zima. Kwenye vyumba vya kifafa watu hawakuonana. Kwenye chumba cha moshi walionana, na kila mmoja alimtupia mwenzake jicho akiwa amekaza uso asionekane mwoga, akaona uso mwingine uliokazwa vile vile, akahitimisha kwamba hakuna tatizo. Hapo wingi hauzibi pengo lolote. Watu watatu wenye wasiwasi wanatengeneza chumba kimoja kilichotulia.

Sasa tuje upande wa pili, ambao umepata nguvu miaka ya karibuni. Mwaka 2019 kundi la watafiti likiongozwa na Richard Philpot lilitoa uchambuzi wa picha za kamera za usalama za magomvi 219 ya hadharani, katika miji ya Amsterdam, Lancaster ya Uingereza na Cape Town. Katika magomvi tisa kati ya kila kumi, angalau mtu mmoja aliingilia: alimvuta mgomvi, alisimama katikati, alituliza kwa mkono au alimfariji aliyepigwa. Kadiri watazamaji walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mtu kuingilia ulivyopanda. Na Cape Town, mji unaojulikana kwa uhalifu, haikuwa tofauti na Amsterdam.

Wapo wanaosema kwamba utafiti huu umeizika ile hoja ya 1968. Mimi sioni hivyo. Ugomvi unajieleza wenyewe: ngumi ikirushwa hakuna anayehitaji kutazama uso wa jirani ili ajue kinachoendelea. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya tafiti nyingi pamoja ulionyesha jambo hilo hilo, kwamba hatari ikiwa wazi, kutegeana kunapungua. Kamera za Philpot hazituambii kitu kuhusu mtu aliyelala kimya kando ya barabara.

Mchukue huyo sasa. Kituo cha daladala, saa kumi na mbili jioni, watu hamsini wanagombania gari. Mzee anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka, anaketi chini kando ya kibanda cha soda, shati limelowa jasho. Mtu mmoja anasema, "Huyo kapiga vitu vyake leo." Kesi imekwisha. Wenye kusimama karibu wametazama, wamesikia hukumu, wamerudisha macho barabarani. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka huonekana hivyo hivyo: anayumba, ulimi unakuwa mzito, anatoka jasho, pengine anakuwa mkali. Kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, soda ya kawaida yenye sukari kutoka kwenye kibanda kile kile ingemrudisha katika dakika chache. Akishapoteza fahamu hapaswi kumiminiwa kitu mdomoni, na hapo ni gari na hospitali tu. Tatizo halikuwa ukatili wa watu hamsini. Sentensi moja ya ovyo ilijaza nafasi ya maana, na hamsini wakaipokea.

Umati huo huo mtu akipiga kelele "mwizi!" haukosi watu wa kuchukua hatua, tena kwa haraka ya kutisha. Wale wale walioshindwa kupata mtu wa kushika bega la mzee wanapata wa kuleta tairi. Ndiyo maana siwaelewi wanaodai kwamba umati ni mzembe kwa asili yake. Unafuata maana ya kwanza iliyotolewa kwa sauti, njema au mbaya.

Hoja za maabara zina upungufu mmoja mkubwa kwetu, nao ni gharama. Mwanafunzi wa 1968 alitakiwa kutembea hatua chache tu kwenye korido. Tanzania, anayeinama kumwinua majeruhi wa bodaboda anafikiria mambo mengine: fomu ya polisi ya PF3, kuandika maelezo kituoni, ndugu wa majeruhi kumuuliza "wewe ndiye uliyemgonga?", na nani atalipia hospitali. Wengine wanaamini kwamba bila ile fomu majeruhi hatapokelewa kabisa. Huyu hatazami nyuso za wenzake wala hangoji mwingine aanze. Ameelewa vizuri, ameona kwamba ni juu yake, na ameamua kutoingia. Kumwita mwathirika wa saikolojia ya umati ni kumsingizia, na kumwita katili bila kutazama hofu yake si haki pia.

Kwa sababu hiyo dawa ni mbili, na haziponyi ugonjwa mmoja. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza unafundishwa usiseme "jamani, mtu apige simu", bali umnyooshee kidole mmoja: "Wewe kaka mwenye shati jekundu, piga 112, kisha rudi uniambie wamesemaje." Maneno hayo yanavunja mambo yote mawili ya 1968 kwa mpigo: yanatangaza kwamba hii ni dharura, na yanampa kazi mtu mmoja. Hata mgonjwa mwenyewe, akiwa bado anaweza kuongea, anaweza kuyasema. Lakini kaka wa shati jekundu anayeogopa kulala kituoni kwa ajili ya majeruhi asiyemjua atasogea nyuma hata ukimwita kwa jina la baba yake. Huyo atabadilishwa na namna anavyopokelewa kwenye dawati la polisi na mlango wa hospitali, na kazi hiyo haimhusu mwanasaikolojia.