Eti "pasi iko salama kwa madam"

Jumapili nilikuwa nakula zangu mahamri na mbaazi simu ikaanza kulia mfululizo, kumbe ni grupu ya familia. Binamu yangu anayefanya kazi za nyumbani Doha, Qatar, alikuwa ametuma voisi ndefu, ananong'ona, nadhani alikuwa amejificha stoo. Madam, yaani bosi wake, amekaa na pasi yake ya kusafiria tangu siku aliyotua, mshahara wa riyali 1,000 aliosainia Nairobi umegeuka 800, na wale watoto wawili alioambiwa wamekuwa wanne na juu yake bibi mgonjwa wa kugeuzwa kitandani. Mjomba wetu, ambaye ndiye alimtafutia ajenti (alikula ngapi hapo sijui, tuyaache), akamjibu, "Mwanangu vumilia, pasi iko salama kwa madam, huko ndiyo kawaida yao."

Salama! Inalindwa dhidi ya nani, mwenyewe?

Sasa nisikilizeni, maana hili limenikera. Qatar wana sheria namba 21 ya mwaka 2015, na kifungu cha 8 kinasema bosi akishamaliza kukutengenezea kibali cha kukaa lazima akurudishie pasi yako. Asiporudisha kuna faini, inaweza kufika riyali 25,000. Kwa hiyo hiyo "kawaida yao" ya mjomba ni kosa kwa sheria yao wenyewe. Ila kuna kamlango kadogo hapo na ndiko wengi wanakopitishiwa: bosi anaruhusiwa kukaa nayo kama wewe mwenyewe umemwomba kwa maandishi akuwekee. Haya, kumbuka ile wiki ya kwanza, hujalala, hujui hata choo kiko wapi, unaletewa karatasi ya Kiarabu unaambiwa sain hapa na hapa. Binamu yangu alisain tatu. Mpaka leo hajui zilisema nini, na sitashangaa moja ikiwa ni hiyo ya "naomba bosi anitunzie pasi".

Lakini hata kama ni hiyo, sheria hiyohiyo inasema ukiitaka unapewa. Yaani sain yako haikufungi milele, unaomba tu. Na kuomba kwenyewe kuwe kwa maandishi, si pale jikoni madam akipita na wewe unakaanga sambusa. Nilimwambia atume meseji fupi ya Watsapu, kwa heshima, naomba pasi yangu nitaitunza mwenyewe, basi, asiongeze malalamiko mengine. Ile meseji ina tarehe na saa. Halafu apige picha ya hiyo meseji atutumie sisi nyumbani, maana simu nayo huchukuliwa.

Mshahara ndio hauna hata mjadala. Tangu Machi 2021 kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo, chakula na malazi ni juu ya bosi, la sivyo anaongeza 300 ya chakula na 500 ya malazi. Kwa hiyo hiyo 800 iko chini ya sheria hata angesain mara kumi. Madam anasema anakata pesa aliyomlipia ajenti. Sheria ya wafanyakazi wa nyumbani, namba 15 ya 2017, inakataza hiyo pia, gharama ya kukuleta si deni lako. Kuhusu watoto wanne na bibi, hapo angalau kuna mpaka wa masaa 10 kwa siku na siku moja ya mapumziko kila wiki yenye malipo. Binamu yangu alicheka nilipomtajia hiyo siku ya mapumziko. Kicheko kibaya.

Sawa, nakubali, kuna mabosi wema wanaoweka pasi kwenye sefu na ukiomba unapewa siku hiyohiyo. Na nakubali pia kwamba sheria ni karatasi ukiwa umefungiwa ndani ya nyumba ya mtu. Ndiyo maana nilimkataza kutoka usiku kwenda kujificha kwa rafiki, kwa sababu hapo bosi anaripoti kuwa ametoroka na kesi inamgeukia yeye. Akitoka, aende moja kwa moja wizara ya kazi au ubalozi wetu pale Doha, na ile kontrakti ya Nairobi kwenye simu. Bahati nzuri dadake aliipiga picha kurasa zote kabla hajapanda ndege, tulimcheka siku hiyo tukamwita afisa wa uhamiaji.

Meseji aliituma Jumanne. Madam hakujibu siku mbili, halafu akamuuliza kwa ukali, nani amekufundisha? Ijumaa asubuhi akaikuta pasi juu ya friji, imewekwa bila neno. Mshahara bado ni 800 na wiki hii anapeleka malalamiko wizarani. Mjomba ameandika kwenye grupu, "Si niliwaambia iko salama."