Aya ya pili ndiyo barua yenyewe

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Barua nyingi za kuomba kazi huanza hivyo, na sioni ubaya, ndiyo desturi yetu. Mambo huharibika aya ya pili, mhitimu anapojitaja kuwa mchapakazi, mwaminifu na anayejituma. Msimamizi wa malori hapa Dodoma, anayetafuta msaidizi wa kupanga safari, anataka kujua jambo moja: nikimpa oda asubuhi, ataanzia wapi?

Kwa maoni yangu, aya hiyo ibebe oda moja iliyopangwa mpaka mwisho, hata kama ni ya kubuni, mradi aseme wazi kwamba ni ya kubuni. Tuseme ni magunia 300 ya mahindi, kila moja kilo 100, kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam. Mzigo ni tani 30. Semitrela ya ekseli sita ikiwa tupu ina tani 18, kwa hiyo jumla ni tani 48, na kikomo cha gari la aina hiyo ni 50. Wengi huweka kalamu chini hapo.

Mizani lakini hupima pia kila kundi la ekseli. Ekseli mbili za nyuma za kichwa zinaruhusiwa tani 18, tatu za trela tani 24. Magunia yakirundikwa mbele, ekseli ya usukani ikabeba tani 7, zile mbili za kichwa 19.5 na za trela 21.5, jumla bado ni 48 ila gari limezidisha. Litazuiwa, mzigo upangwe upya barabarani, na muda wa kushusha Dar upotee. Mhitimu aliyeliona hilo aandike hivi:

"Ningemwomba msimamizi wa upakiaji arudishe sehemu ya magunia nyuma ya trela, kisha gari lipimwe kabla ya kuondoka. Kabla ya kuthibitisha bei ningetafuta pia mzigo wa kurudi, kwa mfano saruji, ili gari lisirudi tupu."

Sentensi mbili tu, na zinasema mengi kuliko orodha ya masomo, ambayo tayari imo kwenye wasifu.

Kama hesabu imetoka kwenye mafunzo kwa vitendo, ataje sehemu aliyoifanya kwa mkono wake: kujaza hati za mzigo, kufuatilia magari kwa simu, au kulinganisha mafuta yaliyotolewa na kilomita zilizotembewa. Jina la mteja na bei alizoziona huko asiziandike. Atakayesoma ataelewa mara moja kwamba kesho na zake zitasimuliwa kwa mwingine.

Yote yaingie ukurasa mmoja. Na kabla ya kutuma akague jina la kampuni juu na ndani ya barua. Barua iliyonakiliwa hujulikana hapo.