Baada ya Breath of the Wild: kisiwa kidogo au jangwa pana?

"Nimeipenda sana Breath of the Wild, lakini nimechoka na mapanga, mazimwi na majumba ya kifalme. Nataka gemu ya aina hiyo yenye mazingira tofauti kabisa, na niimalize ndani ya wikiendi moja. Ipo?"

Ziko mbili ninazoziamini, A Short Hike ya 2019 na Sable ya 2021. Ila kabla hujachagua, kumbuka kwanza ni tukio gani la Breath of the Wild unalopenda kuwasimulia wenzako. Ukisimulia jinsi ulivyoona kilele kwa mbali, ukakipanda kwa mikono huku pumzi ikikaribia kukatika, kisha ukaruka na parashuti hadi mahali ambapo hukupapanga, basi uko salama. Kinachobeba raha hiyo ni mambo matatu tu: kupanda karibu popote, pumzi yenye kikomo, na kushuka kwa kupaa. Mambo hayo hayahitaji panga wala mfalme.

A Short Hike inayaweka yote kwenye kisiwa kimoja. Wewe ni ndege mdogo aitwaye Claire, unangoja simu muhimu, na mtandao unashika kileleni peke yake. Kupaa unaweza tangu mwanzo, lakini kupanda kunategemea manyoya ya dhahabu. Kila unyoya unakuongezea mpigo mmoja wa mabawa hewani na muda kidogo wa kung'ang'ania mwamba, na ukigusa ardhi yanajaa tena. Kwa hiyo unautazama ukuta, unahesabu manyoya, unaona hayatoshi, unageuka kwenda kuyatafuta. Njiani unamkuta mtu anayetaka msaada, unavua samaki, unasahau kilele kwa robo saa. Ni mzunguko uleule wa Breath of the Wild, ambako kila vihekalu vinne ulivyomaliza vilikupa kipande kimoja cha pumzi au moyo mmoja. Tofauti ni kwamba huku unyoya mmoja unapatikana kwa dakika chache na faida yake unaiona papo hapo. Saa mbili hivi zinatosha kufika juu.

Wapo watakaosema hapo ndipo kasoro ilipo, na hoja yao ina uzito. Ukubwa wa Breath of the Wild si mapambo. Ukitembea saa nzima kwenye mvua, mwamba unateleza, unajibanza chini ya jabali ukisubiri anga litulie, mahali pale panakuwa pako. Kisiwa cha saa mbili hakiwezi kukupa hali ya kupotea, maana kila unapopanda juu kidogo unaona ulikotoka. Nakubali. Lakini ikumbuke ile nyanda ya juu ya mwanzoni, yenye vihekalu vinne, kabla hujapewa parashuti. Wengi wetu tuliipenda gemu nzima palepale, ndani ya saa chache, tukiwa tumefungiwa kwenye eneo dogo. Kwa hiyo udogo peke yake hauiui raha hii.

Kama kupotea ndiko unakokutaka hasa, chukua Sable. Ni jangwa lenye mabaki ya vyombo vya angani, unasafiri kwa pikipiki inayoelea, na hakuna pigano hata moja wala kufa. Ramani hupewi bure. Wachora ramani wanakaa kwenye maputo yao mahali palipoinuka, na inabidi uwapandie. Kinachonivutia zaidi ni namna inavyoisha: msichana Sable ametoka kwao kutafuta kinyago kitakachoonyesha atakuwa nani ukubwani, na wewe ndiye unayeamua lini arudi kukichagua. Saa nane hadi kumi ni mwendo wa kawaida, lakini Jumapili jioni ikikukuta katikati, unaweza kurudi na hadithi ikafungwa vizuri.

Hasara yake ni kwamba bila hatari, pumzi ikikatika unaanguka, unainuka, unajaribu tena. Mapigo ya moyo hayaendi mbio. Baada ya saa ya tano baadhi ya safari za jangwani zinakuwa mchanga mtupu, na hapo mtu aliyezoea kushtukizwa na kambi ya maadui huanza kuchoka.

Yupo mtu mmoja ambaye simpi yoyote kati ya hizi. Ni yule anayesimulia alivyochoma nyasi, akapaa kwa joto la moto na kuwavamia maadui kutoka juu, au alivyovua panga la chuma haraka radi isije ikampiga. Yeye alipenda jinsi moto, upepo na umeme vinavyoathiriana, na gemu zote mbili hizi hazina kitu hicho hata chembe. Atazimaliza akidhani amedanganywa. Kwako wewe, uliyechoka na mapanga, ningeanza na A Short Hike Ijumaa usiku. Ukishuka kutoka kileleni bado una hamu, Sable ina Jumamosi na Jumapili nzima.