Resizable BAR kwenye RTX 3060: faida ipo, ila si kwa kila gemu

“Wakuu, nina ubao wa B450, Ryzen 5 5600 na RTX 3060 ya GB 12. Kwenye BIOS nimeona Re-Size BAR Support imezimwa. Nikiiwasha napata fremu za kweli au ni maneno ya matangazo tu?”

Utazipata, ila chache, na gemu nyingine hazitaonyesha tofauti yoyote. Nvidia yenyewe ilipoleta huduma hii mwaka 2021 ilizungumzia nyongeza ya hadi asilimia 12, na hicho ndicho kilele, si wastani. Kwa kadi ya kiwango cha 3060, tarajia kati ya sifuri na asilimia tano hivi katika gemu nyingi. Gemu inayokupa fremu 60 ikipanda hadi 62, kila fremu imepungua nusu tu ya milisekunde. Jicho halitaona, lakini kipimo kitaona.

Faida inatoka wapi? Kwa kawaida prosesa huiona kumbukumbu ya kadi kupitia dirisha la megabaiti 256 tu. Ikitaka kuandika nje ya hapo, ama draiva inalihamisha dirisha, ama data inawekwa kwanza kwenye RAM ya kompyuta kisha kadi inaichota yenyewe. Resizable BAR inalipanua dirisha hilo hadi likaimeza kumbukumbu yote ya kadi, na prosesa inaandika moja kwa moja inapotaka. Gemu inayomwaga vitu vidogo vidogo kila fremu, kama zile za ulimwengu mpana ambamo mandhari hupakiwa huku ukitembea, ndiyo hunufaika. Assassin’s Creed Valhalla na Forza Horizon 5 hutajwa mara nyingi kwa sababu hiyo. Gemu iliyokwisha kupakia kila kitu kabla ya mechi kuanza haina la kupata.

Upande wa pili nao una hoja yenye uzito. Prosesa kuandika kwenye kumbukumbu ya kadi ni jambo jepesi, lakini kusoma kutoka humo ni taratibu mno. Draiva ikihamishia kwenye kadi data ambayo gemu huirudia kuisoma, kasi inashuka badala ya kupanda. Tena data hiyo inakula nafasi ya picha za gemu, jambo linalouma zaidi kwenye kadi ya GB 8 kuliko kwenye 12 yako. Ndiyo maana Nvidia haiiachi ifanye kazi kiholela: draiva huiruhusu gemu kwa gemu, kwa zile walizozijaribu. Kwa hiyo BIOS inaweza kusema imewashwa, GPU-Z nayo ikasema Enabled, na bado gemu unayocheza isiitumie kabisa. Kuna wanaoilazimisha kwa NVIDIA Profile Inspector, kwenye kipengele cha rBAR - Feature. Ukitaka kujaribu, fanya hivyo kwa wasifu wa gemu moja, usiguse wasifu wa jumla, la sivyo gemu nyingine ikianza kukwamakwama hutajua pa kuanzia.

Kabla ya kuingia BIOS, hakikisha Windows imesimikwa kwa UEFI. Fungua msinfo32 utazame BIOS Mode. Ikiandika UEFI, endelea. Ikiandika Legacy, diski yako iko kwenye mfumo wa MBR, na ukizima CSM, ile hali ya BIOS inayoiga mfumo wa zamani, mashine haitaingia Windows. Itakurudisha BIOS kila ukiiwasha. Dawa ni kuigeuza diski kwanza. Nakili mafaili muhimu pembeni, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Amri ya kwanza inakagua tu. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu diski tayari ina sehemu kuu nne, na zana hii inataka zisizidi tatu. Kama BitLocker imewashwa, isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wake wa dharura, kwa kuwa mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya Windows iudai.

Kwenye BIOS, weka CSM iwe Disabled, Above 4G Decoding iwe Enabled, kisha Re-Size BAR Support iwe Auto au Enabled. Hiyo ya pili haiepukiki, kwani chini ya gigabaiti nne za anwani hakuna nafasi ya kulipanga dirisha kubwa namna hiyo. Kama ubao wa B450 hauonyeshi kabisa kipengele hiki, huenda BIOS yake ni ya zamani na inahitaji kusasishwa. RTX 3060 ilitoka kiwandani ikiwa tayari. Ndugu zake waliotangulia, 3060 Ti, 3070, 3080 na 3090 za matoleo ya mwanzo, ndio waliohitaji pia BIOS mpya ya kadi.

Ukishaingia Windows, hakiki kwa amri hii:

```
nvidia-smi -q -d MEMORY
```

Tazama mstari wa Total chini ya BAR1 Memory Usage. Ukisoma 256 MiB, bado haijakubali. Kwenye kadi yako ya GB 12 utasoma 16384 MiB, na hilo si kosa: ukubwa wa dirisha huenda kwa vipeo vya mbili, na baada ya 8 inafuata 16.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuhifadhi, usihangaike na kadi. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha toa bateri ya CR2032 kwa dakika chache au unganisha pini za kufuta CMOS. Mipangilio itarudi ilivyokuwa.

Kosa linalowapoteza wengi liko kwenye kupima. Mtu anasasisha BIOS, anawasha Resizable BAR, kisha analalamika kuwa fremu zimepungua. Kusasisha BIOS kumerudisha kila kitu mwanzo, XMP au DOCP imezimika, na RAM iliyokuwa 3200 sasa inakimbia 2133 au 2400. Hasara hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko faida yote tunayoijadili hapa. Rudisha XMP kwanza, kisha pima Resizable BAR ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Tumia jaribio lililomo ndani ya gemu yenyewe, lirudie mara nne kila upande na utupe la kwanza, maana hapo gemu bado inajipasha. Andika wastani pamoja na ile asilimia moja ya fremu za chini kabisa. Kama marudio ya upande mmoja yenyewe yanatofautiana kwa asilimia mbili, nyongeza ya asilimia moja na nusu haina maana.

Kwa mashine yako ningeiwasha, kwa kuwa haigharimu chochote na Nvidia imekwisha kuzichuja gemu. Lakini nisingenunua ubao mpya kwa ajili yake hata siku moja. Hukumu hiyo hubadilika kabisa kadi ikiwa ni Intel Arc, kama A750. Muundo wake wa kumbukumbu umetengenezwa kwa mizigo mikubwa, na bila Resizable BAR fremu hushuka vibaya na kukwama waziwazi. Intel wenyewe wanataka mashine iwe nayo. Kwa hiyo anayefikiria kupachika Arc kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita, ambayo BIOS yake haina kipengele hiki, ni heri achukue RTX 3060 au kadi ya AMD.