Lipeni kwanza, katapila lije baadaye

Juzi nilikuwa kwenye teksi narudi Hoima, magharibi mwa Uganda. Abiria mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri akaanza kutufundisha maendeleo. Gari linateleza kwenye lami, naye anagonga kioo kwa kidole: "Hapa palikuwa na vibanda tu. Serikali ingewasikiliza watu kumi, sote tungekuwa bado tunakula vumbi." Tukacheka, hata mimi. Kisha nikamkumbuka mama mdogo, kicheko kikanikauka mdomoni.

Nyumba yake, iliyokuwa kwenye njia ya barabara hii, ilikuwa ya miti na udongo, juu mabati. Mthamini alikuja na vijana wawili na futi kamba. Wakahesabu migomba na mibuni, wakampiga picha akiwa ameshika kibao chenye namba kifuani, kama mshtakiwa. Ukutani wakachora X nyekundu. Akaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo chochote atakachojenga au kupanda hakitahesabiwa.

Karatasi ilipokuja ilisema ardhi milioni 8, nyumba milioni 5, mimea milioni 1 na laki 4. Juu yake asilimia 15 ya usumbufu, yaani shilingi 2,160,000. Jumla 16,560,000. Kijijini kwetu hizo si pesa za kudharau, na yeye alitia saini bila ubishi.

Lakini itazame ile milioni 5. Sheria ya Ardhi inasema nyumba ya mjini ilipwe kwa bei ya soko, ya kijijini ilipwe gharama ya kuijenga upya ukishatoa uchakavu. Mabati yake yalikuwa na umri wa miaka 12, basi akapewa thamani ya mabati ya miaka 12. Naomba mnionyeshe duka linalouza mabati ya miaka 12, nami nitakwenda kumnunulia.

Halafu pesa hazikuja. Misimu minne ya mvua alikaa chini ya paa linalovuja, beseni moja juu ya kitanda, jingine mlangoni. Atengeneze vipi nyumba yenye X? Wakati huohuo kila mtu alijua lami inakuja, na viwanja vya jirani vikapanda bei. Zilipofika hatimaye, zilikuwa milioni zilezile za kwenye karatasi, ila sasa hazikumpatia ardhi ya ukubwa uleule popote karibu.

Watu wa "faida ya wengi" nawasikia, na hesabu yao sikatai. Wagonjwa wanafika hospitali mapema, samaki hawaozi njiani. Sawa. Ila kama faida ya maelfu ni kubwa kuliko hasara ya mama mmoja, basi ndani ya faida hiyo mna pesa za kumlipa, na bado nyingi zinabaki. Na ikiwa hazimo, basi barabara haina faida hiyo mliyotuimbia. Mnachofanya nyinyi ni kuandika dakika za abiria upande wa mapato, na mvua za mama mdogo hamziandiki popote. Yeye ameikopesha serikali nyumba yake bila riba, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kukopesha.

Tena haki ninayoidai si ya kuzuia barabara. Ibara ya 26 ya Katiba yenyewe inairuhusu serikali kutwaa mali kwa matumizi ya umma. Inachodai ni mpangilio: fidia ya haki, itolewe upesi, na itolewe kabla ardhi haijachukuliwa. Sheria ya zamani ya 1965 iliruhusu kuingia shambani mara tu tathmini ikishatangazwa, pesa zifuate zitakapojisikia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mtu wa Hoima hukuhuku dhidi ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa wakati ule, ikasema kipengele hicho kinapingana na Katiba. Mwaka 2017 ukaja muswada wa kubadilisha ibara hiyo ili serikali iweke pesa mahakamani na kuanza kazi huku ubishi ukiendelea. Watu walipiga kelele nchi nzima, haukupita.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wajanja. Wanasikia fununu ya barabara, usiku mmoja shamba linajaa miche ya mikahawa iliyosongamana kama abiria wa Krismasi. Na ubishi wa mtu mmoja ukiisimamisha mitambo, mkandarasi anadai fidia yake, tena yeye hulipwa hadi riba ya ucheleweshaji. Riba! Kumbe hesabu ya riba mnaijua.

Tulipofika penye kalvati nilimwambia yule bwana kwamba jiko la mama yangu mdogo lilikuwa hapo hapo, penye mtaro. Akaniuliza, "Si alilipwa lakini?"

Nikamjibu alilipwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye simu yake.