Nionyesheni Upande wa Ndani wa Koti

Kuna tangazo limebandikwa karibu na kituo ninachopandia daladala, na Aprili hii yote nimelitazama kila asubuhi. Dada mmoja amevaa koti la mvua la njano, mkono mmoja kashika mwavuli mwekundu, mwingine umebeba mifuko ya dukani, anacheka. Barabara chini ya miguu yake imelowa mpaka inang'aa kama kioo. Yeye ni mkavu kuanzia nywele hadi viatu. Pembeni wameandika bei na maneno mawili: HALIINGII MAJI.

Linaniudhi kwa sababu koti kama lile liko nyumbani kwangu, la mtoto.

Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000, kwa ajili ya binti yangu wa darasa la tano. Muuzaji alinihakikishia, "Dada, hili chukua, maji hayapiti hata kidogo," akafungua chupa na kumimina maji katikati ya mgongo wa koti. Yakateleza yote hadi sakafuni. Nikaridhika, nikalipa. Siku ya kwanza ya mvua kubwa mtoto alirudi shule akitetemeka. Nilipomvua koti nikakuta shati lake limelowa kwa mistari: mmoja juu ya kila bega, kuanzia shingoni, kisha ukazunguka kwapa. Mgongo mkavu. Tumbo kavu. Ile mistari ndiyo iliyonikalisha chini nilichunguze koti, kwa sababu maji hayachori mistari bila kuwa na njia.

Nikalipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Hakuhitaji hata dakika. Aligeuza koti ndani nje, akaweka kidole kwenye mshono wa bega, akasema, "Mama, hapa sindano imepita, na hawakuziba."

Kitambaa cha makoti haya hupakwa tabaka jembamba la plastiki upande wa ndani, na tabaka hilo ndilo linalozuia maji. Ila koti hushonwa, na kila sindano inapopita hulitoboa. Tulihesabu pamoja: matundu matatu kwa kila sentimita. Mshono wa juu ya bega ulikuwa na sentimita 10, na ule unaozunguka mkono sentimita 36. Upande mmoja tu una matundu zaidi ya 130, na kila tundu limepitiwa na uzi unaonyonya maji na kuyaingiza ndani. Kisha mkanda wa begi la shule hukaa juu ya mshono huohuo na kuyakandamiza. Mtoto alikuwa amevaa chujio mabegani.

Koti lililotengenezwa kwa dhati huwa na utepe uliobandikwa kwa joto juu ya kila mshono, kwa ndani. Ukigeuza unauona: ukanda mwembamba, laini, unaofuata mshono mwanzo hadi mwisho. Makoti mazito ya plastiki wanayovaa wengi wa bodaboda mara nyingi huunganishwa kwa kuyeyushwa badala ya sindano, na hapo tundu halipo kabisa. Koti la binti yangu halikuwa na utepe wala halikuyeyushwa. Lilishonwa kama shati.

Kwa hiyo yule muuzaji alimimina maji mahali pasipo na tatizo. Kitambaa hupimwa kwa kusimamisha maji juu yake na kuangalia yafike kimo gani kabla ya kuanza kupenya. Makoti mengi ya kawaida huandikwa milimita 1,500, yaani kitambaa kinabeba maji ya kimo cha mita moja na nusu. Sasa chukua mkanda wa begi unaokandamiza bega kwa kilo 3, katika eneo la sentimita 5 kwa 20. Mgandamizo huo ni sawa na maji ya kimo cha milimita 300 hivi. Kitambaa kinaumudu bila shida. Tundu la sindano haliumudu, na kwenye lebo lile tundu halipimwi. Namba inaweza kuwa ya kweli kabisa na mtoto akarudi amelowa.

Jinsi ya kujua kabla ya mvua kukueleza: geuza mkono wa koti ndani nje, ukunje mfuko mdogo pale mshono wa kwapa unapokutana na wa ubavuni, mimina nusu kikombe cha maji, ushikilie kwa dakika kumi huku umefunga karatasi ya chooni upande wa pili. Karatasi ikipata vidoa vilivyojipanga, ni mshono. Na usichanganye na jasho. Dar ni ya joto, na plastiki haipumui. Unyevu wa jasho huenea mgongoni na kifuani kote, hauna mpaka. Uvujaji hufuata mshono.

La binti yangu nililiziba mwenyewe. Nilisafisha mishono kwa spiriti, nikapaka kwa ndani gundi ya kuzibia mishono ya mahema, ile inayobaki laini ikikauka, mara mbili, nikaliacha usiku kucha. Supa gluu usiiguse, hukauka ngumu na kupasuka koti linapokunjwa. Nilipojaribu tena, bega la kulia lilikuwa kavu, la kushoto likavuja kwenye kona ya kwapa ambapo vipande vinne hukutana. Nikarudia pale. Sasa liko sawa, lakini kazi hiyo ilikuwa ya kiwandani, na niliilipia.

Mwavuli wa yule dada nao umeshikwa wima, kwa sababu mvua ya tangazo hushuka wima. Humiminwa kwa bomba kutoka juu, na taa huwekwa nyuma yake ili matone yaonekane. Lami hulowanishwa ili ing'ae. Masika ya hapa huja na upepo wa bahari, mvua ikapiga ubavu. Upepo ukiingia chini ya mwavuli bila pa kutokea, unaupindua. Angalia njiti: za chuma chembamba zikipinda hubaki zimepinda, za faibaglasi hurudi. Zikishatetereka kwenye viungo, hakuna rangi itakayokusaidia.

Kuhusu rangi, nakubali kwa shingo upande: ile njano ni sahihi. Saa kumi na mbili asubuhi, wingu limetanda na wipa za daladala zimechoka, mtoto wa koti la njano huonekana mapema kuliko wa koti la bluu iliyokolea. Giza likiwa kamili njano peke yake haitoshi, anahitaji ukanda unaorudisha mwanga wa taa za gari. Koti lile la kwenye tangazo halina ukanda huo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotengeneza matangazo ya masika, muacheni dada yenu acheke. Pembeni mwa picha yake wekeni nyingine ndogo: koti lilelile limegeuzwa ndani nje, bega likiwa mbele, mshono unaonekana. Kama utepe upo, nitauona nikiwa upande wa pili wa barabara. Mwezi uliopita shemeji yangu alikwenda kununua koti la mwanawe, nikamwambia aligeuze kabla ya kuuliza bei. Maduka matatu hayakuwa na la utepe. La nne walikuwa nalo, la kijivu, limetundikwa nyuma kabisa, halina tangazo.