Mgogo Aliyefunga Ndoa Kanisani: Mirathi Yake Inafuata Sheria Gani?

"Kaka yetu ni Mgogo na tumemzika kwetu Bahi kwa taratibu zetu. Shemeji anasema kwa kuwa walifunga ndoa kanisani, ukoo hauna neno kwenye mali. Je, ni kweli?"

Cheti cha ndoa peke yake hakitoi jibu. Kaburi nalo halitoi. Mahakama zetu huuliza mambo mawili: marehemu aliishi maisha ya namna gani, na alikusudia mali yake igawiwe vipi. Majibu ndiyo yanayoonyesha kama mirathi inakwenda kwa mila, kwa sheria ya Kiislamu, au kwa ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865 ambayo bado tunaitumia kwa Wakristo walioacha maisha ya kimila.

Shauri linalorejewa sana ni la mirathi ya Innocent Mbilinyi, 1969. Alikuwa Mngoni aliyeoa Mchaga kwa ndoa ya Kikristo na kuishi zaidi mijini. Ndugu walitaka mila. Mahakama Kuu ikaona alikwisha kuachana na maisha ya kimila, ikatumia sheria ya 1865.

Mjane anaposema msibani kwamba ukoo hauna neno kwenye mali, mara nyingi huonekana amekuja na karatasi kuupora ukoo. Kabla ya kumhukumu, tuangalie kinachogombewa. Tuseme marehemu aliacha nyumba Ipagala ya shilingi milioni 45 na shamba la zabibu Hombolo la milioni 9, mke, mtoto wa kiume na mabinti wawili, bila wosia. Kwa sheria ya 1865, mjane anapata theluthi moja, yaani milioni 18, na watoto wanagawana milioni 36 sawasawa, kila mmoja 12. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, mjane hana fungu kama mumewe ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake, kanuni zinasema, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti nao wako daraja la tatu la warithi, nyuma ya kaka yao.

Kwa hiyo swali la "sheria gani" lina tofauti ya milioni 18 na sifuri kwa mama aliyepalilia zabibu hizo miaka yote. Na kama watoto ni wadogo, nani atamtunza? Kanuni inadhani watoto wazima wapo, wana uwezo na wana moyo.

Hata hivyo, ndugu wana hoja nzito, na haijengwi na kabila wala mazishi. Inajengwa na mwenendo. Kama kaka alirudi Bahi kila masika kulima uwele, alikalia vikao vya ukoo, aliwapeleka wanawe jando nyumbani na kushiriki matambiko, basi ubatizo haukumtoa kwenye mila. Wakristo wengi wa Dodoma wanaishi pande zote mbili, na hapo kipimo kinakuwa kigumu kweli: hakimu mmoja ataona mjini, mwingine ataona kijijini. Lakini kuzikwa kwao tu ni dalili dhaifu. Uamuzi huo aghalabu hufanywa na walio hai.

Jambo linaloharibu zaidi ni haraka. Muhtasari wa kikao cha ukoo unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, mdogo wa marehemu anateuliwa msimamizi, nyumba inauzwa. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale tu sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Ikija kuonekana kwamba ni ile ya 1865, uteuzi unaweza kufutwa, na mnunuzi anaanza kudai fedha zake. Kikao chenyewe hakitakiwi na sheria. Ni desturi inayoisaidia mahakama. Shemeji anaweza kuweka pingamizi mapema, akalete mashahidi wa jinsi mumewe alivyoishi: majirani wa Ipagala, wazee wa kanisa, walimu wa watoto.

Tena, msihesabu kila kitu kuwa mirathi. Kama hati ya Ipagala ina majina mawili, sheria ya ndoa ya 1971 inachukulia kwamba haki zao ni sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na sehemu ya mke haiingii kwenye mgao. Vivyo hivyo kwa ng'ombe walioko kwenye zizi lenu Bahi. Wagogo tunakabidhiana mifugo kwa miaka, kwa hiyo ulizeni kwanza ni wa nani. Waliokabidhiwa tu kaka yenu si mali yake, na shemeji hawezi kuwadai kwa sheria yoyote ile. Waitwe wale waliowakabidhi, waseme idadi mbele yake, kabla hamjajaza fomu ya mahakama.